Akaunti, kampeni, kundi, tangazo: kila mpangilio wa Google Ads unakaa wapi

Mwenye lodge anaingia kwenye Google Ads ili tangazo la ukumbi wake lionekane Dodoma tu. Anabadilisha eneo, anachagua walio ndani ya Dodoma tu, anahifadhi, anatoka. Kesho yake matangazo ya vyumba, ambayo yalikuwa yakileta simu kutoka Dar es Salaam na Arusha, yamenyamaza. Hakugusa vyumba hata kidogo. Alichogusa ni mpangilio wa kampeni, na vyumba na ukumbi vyote vilikuwa ndani ya kampeni moja.

Wanaotoka Facebook na Instagram huumia zaidi hapa. Kule, eneo na aina ya watu huwekwa katika ngazi ya kati, iliyo chini ya kampeni. Google Ads huweka eneo juu, kwenye kampeni yenyewe. Ukija na mazoea ya kule utatafuta eneo ndani ya kundi la matangazo, hutalikuta, kisha utalibadilisha mahali linapogusa kila kitu.

Mwongozo huu unahusu matangazo ya utafutaji tu, yale ya maandishi yanayotokea mtu anapoandika kitu kwenye Google. Mfano wetu ni lodge ya Dodoma mjini yenye vyumba vya kulala na ukumbi wa mikutano wa watu 80.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Barua pepe ya Gmail ya biashara. Usitumie ya kijana anayekusaidia mitandao. Akiondoka, akaunti inaondoka naye.
- Kadi ya Visa au Mastercard iliyoruhusiwa kulipa mtandaoni. Kadi nyingi za benki zetu hufungwa kwa malipo hayo mpaka uombe, kwa hiyo uliza benki mapema.
- Kurasa tatu kwenye tovuti: ya vyumba, ya wageni wa UDOM na ya ukumbi. Ukurasa mmoja wenye kila kitu utakukwamisha hatua ya 4.
- Namba ya simu inayopokelewa, iandikwe kwa kuanza na +255.
- Karatasi na kalamu. Muundo unachorwa kwanza, skrini inafuata.

## Hatua ya 1: Chora mti kwenye karatasi

Ngazi ni nne. Akaunti ina kampeni, kampeni ina makundi ya matangazo, kundi lina maneno ya utafutaji pamoja na matangazo yenyewe. Ni kama mkoa, wilaya, kata na mtaa: kilichoamuliwa juu kinawafikia wote walio chini, na mtaa mmoja hauwezi kuwa katika kata mbili.

Swali gumu ni lini utengeneze kampeni mpya, na lini kundi jipya linatosha. Jiulize kwa mpangilio huu.

Je, huduma hizi mbili zinahitaji eneo tofauti, bajeti tofauti au saa tofauti? Kama ndiyo, ni kampeni mbili. Hakuna njia ya mkato, kwa sababu vitu hivyo vitatu vinakaa kwenye kampeni.

Kama eneo, bajeti na saa ni vilevile, lakini watu wanaandika maneno tofauti na wanapaswa kufika kwenye ukurasa tofauti, hayo ni makundi mawili ndani ya kampeni moja.

Na kama maneno na ukurasa ni vilevile, ila unataka kusema jambo kwa namna nyingine, hilo ni tangazo la pili ndani ya kundi lilelile.

Tupime lodge yetu. Anayetafuta chumba mara nyingi bado hajafika Dodoma: yuko Dar anapanga safari ya SGR, yuko Morogoro, yuko Mwanza. Anatafuta usiku na mchana. Anayetafuta ukumbi wa semina ni ofisa aliye Dodoma tayari, mjini au kwenye Mji wa Serikali Mtumba, na anatafuta saa za kazi. Eneo ni tofauti, saa ni tofauti, kwa hiyo ni kampeni mbili bila mjadala.

Ndani ya vyumba wapo wageni wa kawaida na wapo wazazi wanaokuja UDOM kwa mahafali au kumpeleka mtoto kuanza chuo. Wote wanatoka popote nchini na fungu la pesa ni moja, ila maneno na ukurasa ni tofauti. Haya ni makundi mawili.

Mti unakuwa hivi:

```
AKAUNTI: saa za Afrika Mashariki, dola, kadi moja
|
+-- KAMPENI: Vyumba - TZ nzima - dola 5 kwa siku
|     +-- KUNDI: Guest jumla   -> ukurasa wa vyumba
|     +-- KUNDI: Karibu UDOM   -> ukurasa wa wageni wa UDOM
|
+-- KAMPENI: Ukumbi - Dodoma - dola 3 kwa siku
      +-- KUNDI: Mikutano      -> ukurasa wa ukumbi
```

Utajua mchoro umekaa sawa ukiweza kunyooshea kidole kila kundi na kutaja ukurasa mmoja tu. Ukitaja miwili, ligawe. Ukikuta makundi kumi yenye ukurasa mmoja, umegawa kupita kiasi, na kila kundi litapata mibofyo michache mno kukufundisha chochote.

## Hatua ya 2: Akaunti, ngazi ya mambo yasiyorudi nyuma

Google humwongoza mgeni haraka kutengeneza kampeni ya kwanza ya aina rahisi, ambayo inamfichia mipangilio mingi. Ukiona chaguo la kuruka kutengeneza kampeni, au la kuingia kwenye `Expert Mode`, lichukue. Unataka kuifungua akaunti ikiwa tupu.

Utaulizwa nchi ya malipo, saa za eneo na sarafu. Chagua polepole. Sarafu haibadilishwi baadaye. Ukikosea unafungua akaunti nyingine. Saa za eneo ziwe za Afrika Mashariki, kwa sababu ratiba ya kila kampeni na ripoti ya kila siku vitafuata saa hizo.

Malipo, watu wenye ruhusa ya kuingia na ufuatiliaji wa matokeo, kama vile simu zilizopigwa na fomu zilizojazwa, vyote viko ngazi hii. Kadi ikigoma, kampeni zote mbili zinasimama pamoja. Ndiyo maana matangazo yote yakizimika kwa wakati mmoja, mahali pa kwanza pa kuangalia ni malipo.

Mambo mawili zaidi ya kufanya hapa kabla hujashuka chini.

La kwanza ni maneno ya kukataa ya akaunti nzima, `negative keywords`, yaani maneno ambayo mtu akiyaandika tangazo lako halitokei. Lodge haitaki kulipia anayetafuta ajira, awe anaulizia vyumba au ukumbi. Weka `ajira`, `nafasi za kazi` na `jobs` kwenye ngazi ya akaunti, yatafanya kazi kwenye kampeni zako zote za utafutaji. Lisikae hapa neno ambalo kampeni mojawapo inaweza kulihitaji. Ukikataa `mkutano` kwa ajili ya vyumba, umeua ukumbi.

La pili, fungua `Recommendations`, kisha `Auto-apply`, na uzime kila kilichowashwa. Mpangilio huu unaruhusu mfumo kubadilisha mambo bila kukuuliza, yakiwemo maneno ya utafutaji. Kwa anayejifunza, akaunti inayojibadilisha yenyewe ni mateso: hutajua lipi ulifanya wewe na lipi lilijifanya.

## Hatua ya 3: Kampeni, mahali pesa na eneo vinapokaa

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu. Anza na kampeni ya vyumba, chagua aina ya `Search`, na uipe jina linalosema ukweli: `Vyumba - TZ nzima`. Ukiacha majina ya `Campaign 1` na `Campaign 2`, baada ya mwezi utalazimika kufungua kila moja kujua ndani kuna nini.

Mitandao. Ondoa tiki kwenye `Display Network`. Ukiiacha, sehemu ya bajeti inaweza kwenda kwenye tovuti na programu ambako watu hawatafuti chochote.

Eneo. Kwa vyumba chagua Tanzania nzima, ukihakikisha kila neno la utafutaji lina jina Dodoma ndani yake. Bila jina hilo, mtu wa Mbeya anayeandika "guest house nzuri" atakutana na tangazo lako.

Chini ya eneo kuna `Location options`, zilizofichwa, na chaguo lililowekwa tayari ni `Presence or interest`. Maana yake ni kwamba tangazo litamfikia aliye ndani ya eneo na pia aliye mbali anayeonyesha kulipenda eneo hilo. Kwa ukumbi, badilisha iwe `Presence`, yaani walio ndani ya eneo au wanaoshinda humo. Weka duara la kilomita 30 kutoka katikati ya mji, linatosha kuifikia Mtumba. Chaguo hili moja ndilo linaloua kampeni nyingi za huduma za mjini: mtu ameandika Dodoma, anaona mibofyo ya Dar, anadhani mfumo ni mbovu.

Lugha. Ukiukuta mpangilio huu, acha `All languages`. Simu nyingi hapa zimewekwa Kiingereza hata kama mwenyewe anatafuta kwa Kiswahili. Na mpangilio huu hautafsiri tangazo. Ukiandika kwa Kiswahili litatoka kwa Kiswahili.

Bajeti. Dola 5 kwa siku ni wastani. Siku yenye watu wengi Google inaweza kutumia hadi mara mbili, yaani dola 10, kisha ikafidia siku nyingine. Kwa mwezi haizidi mara 30.4 ya bajeti ya siku, ambayo kwa vyumba ni dola 152. Ukiona dola 9 zimeondoka Ijumaa, usikimbilie kuzima.

Makundi mawili ya kampeni hii yanagawana hizo dola 5, na huwezi kuamuru UDOM ipate dola 2. Msimu wa mahafali ukifika na ukataka UDOM iwe na fungu lake, itoe iwe kampeni inayojitegemea.

Namna ya kulipia mibofyo. Anza na chaguo la kuongeza mibofyo, `Maximize clicks`, na uweke kikomo cha bei ya mbofyo mmoja. Bila kikomo, siku mbili tatu za mwanzo zinaweza kukuletea mibofyo michache ya bei kali. Kwenye makundi utaona pia sehemu ya kuandika bei. Kampeni ikiwa kwenye mfumo huu, bei ya kundi haifanyi kazi. Hii ndiyo sababu wengi wanaipandisha na kuishusha wasione mabadiliko.

Ratiba. Vyumba viende saa zote. Ukumbi uwe Jumatatu hadi Ijumaa, saa 2 asubuhi hadi saa 11 jioni, na hapa uwe macho: skrini inasoma saa za kizungu. Saa 2 asubuhi ni `8:00 AM`, saa 11 jioni ni `5:00 PM`. Aliyeandika `2:00 AM` hadi `11:00 AM` amelipia matangazo ya ukumbi usiku wa manane, kisha yakazimika kabla ofisi hazijaenda chakula cha mchana.

Maneno ya kukataa ya kampeni. Vyumba vina adui mmoja mkubwa: watafutaji wa vyumba vya kupanga. "Chumba cha kupanga Dodoma" na "chumba cha kulala Dodoma" yanafanana machoni pa mfumo, lakini wa kwanza anatafuta nyumba ya kuishi. Kataa `kupanga`, `kupangisha`, `kodi`, `hostel` na `hosteli` kwenye kampeni ya vyumba.

Yaandike yote, usitegemee moja libebe mengine. Maneno ya kukataa hayajitanui kwenye umoja na wingi wala kwenye maneno yenye maana moja. Kwa Kiswahili hili lina uzito, maana neno hubadilika kuanzia mwanzo: ukikataa `chumba cha kupanga` kama fungu, `vyumba vya kupanga` vitapita. Ndiyo sababu neno moja `kupanga` ni bora kuliko fungu zima.

Kwenye kampeni ya ukumbi, kama hamfanyi sherehe, kataa `harusi`, `sendoff`, `send off` na `kipaimara`.

## Hatua ya 4: Kundi, mahali maneno na ukurasa vinapokutana

Kundi lina kazi moja: kufunga ndoa kati ya maneno ya utafutaji na tangazo linaloyajibu. Eneo, bajeti na saa hutavikuta hapa, hata ukitafuta mpaka jioni.

Kwa kuanzia, maneno matano hadi kumi kwa kundi yanatosha. Alama unazoandika ndizo zinazoamua ukali wake. Neno lisilo na alama linampa mfumo uhuru mkubwa wa kukisia. Alama za kunukuu zinataka maana ya fungu hilo iwemo kwenye utafutaji. Mabano ya mraba yanabana zaidi, yanataka utafutaji wenye maana ileile ya neno lako. Kwa bajeti ya dola 5, acha kabisa yasiyo na alama.

Kundi la `Guest jumla` linaweza kuanza hivi:

```
"guest house dodoma"
"lodge dodoma"
"vyumba vya kulala dodoma"
"chumba cha kulala dodoma"
[guest dodoma mjini]
```

Kundi la `Karibu UDOM`:

```
"lodge karibu na udom"
"guest house udom dodoma"
"pa kulala mahafali udom"
```

Umoja na wingi vimeandikwa vyote viwili makusudi. Maneno ya UDOM hayahitaji sana jina la mji, chuo chenyewe kinatosha kuonyesha mahali.

Sasa kuna mtego. Mtu akiandika "guest house dodoma karibu na udom", makundi yote mawili yanaweza kumjibu, na Google itachagua moja. Ikichagua la jumla, mzazi anatua kwenye ukurasa usiotaja chuo. Dawa yake ni neno la kukataa la ngazi ya kundi: ndani ya `Guest jumla` kataa `udom` na `chuo kikuu`. Uliweke kwenye kundi, lisiwe kwenye kampeni. Ukiliweka kwenye kampeni umeyazima makundi yote mawili kwa neno hilo, na la UDOM litabaki wazi lakini halionekani kamwe.

Utajua umefaulu ukifungua `Search terms` baada ya siku chache: utafutaji wenye neno UDOM uwe upande wa kundi la UDOM pekee.

## Hatua ya 5: Tangazo, mahali maandishi na anwani vinapokaa

Tangazo la utafutaji linabeba vichwa hadi 15 vya herufi 30 kila kimoja, na maelezo hadi manne ya herufi 90. Nafasi kati ya maneno nazo zinahesabiwa. Kiwango cha chini ni vichwa vitatu na maelezo mawili. Mfumo unavichanganya wenyewe, kwa hiyo kila kichwa kijitegemee. Usiandike sentensi inayoanza kwenye kichwa cha kwanza na kuishia kwenye cha pili.

"Guest House Safi Dodoma Mjini" ina herufi 29, inaingia. "Ukumbi wa Mikutano Watu 80" ina 26.

Anwani ya ukurasa, `Final URL`, iko hapa kwenye tangazo. Ukinakili tangazo la vyumba kwenda kundi la UDOM, anwani inanakiliwa nayo, na wengi hubadilisha vichwa wakaisahau. Kila ukinakili, anza na anwani.

Tangazo moja lililojaa kwa kila kundi linatosha mwanzoni. Kikomo ni matatu yanayofanya kazi, lakini dola 5 haitoshi kuyapima matatu.

Namba ya simu haikai ndani ya tangazo. Ni kiambatisho kinachowekwa pembeni, na unaweza kukifunga kwenye akaunti, kampeni au kundi. Kama mapokezi ndiyo yanayopokea simu zote, ifunge kwenye akaunti mara moja. Kama ukumbi una msimamizi wake, funga namba yake kwenye kampeni ya ukumbi na ya mapokezi kwenye kampeni ya vyumba, ngazi ya akaunti ibaki tupu.

## Hatua ya 6: Tangazo halionekani, shuka kutoka juu

Usilitafute tangazo lako kwa kuliandika Google kila saa. Unaongeza idadi ya kuonekana bila kubofya, na pengine uko nje ya eneo au ratiba uliyoweka mwenyewe. Tumia `Ad preview and diagnosis`, iliyo kwenye menyu ya zana. Inakuonyesha matokeo ya sehemu unayochagua na kutaja sababu kama tangazo halitoki.

Kisha kagua ngazi kwa ngazi. Akaunti: malipo yamepita? Kampeni: imewashwa, tarehe ya mwisho haijapita, sasa hivi iko ndani ya ratiba? Kundi: limewashwa, na hakuna neno la kukataa linalozima maneno yake yenyewe? Tangazo: limekubaliwa, au bado linakaguliwa? Ukaguzi mwingi huisha ndani ya siku moja ya kazi.

Safu ya `Status` inakusaidia kama ukiisoma vizuri. Tangazo likiandikwa `Campaign paused`, lenyewe halina tatizo, kimezimwa kilicho juu yake. Ukilizima na kuliwasha hilo tangazo mara kumi hutapata kitu; panda ngazi mbili.

Na kama kitu kimebadilika na hakuna anayekiri, fungua `Change history`. Inaonyesha tarehe, barua pepe ya aliyebadilisha, na ngazi iliyoguswa. Mstari unaosema eneo lilibadilishwa kwenye kampeni `Vyumba - TZ nzima`, saa tatu kabla simu za Dar hazijakatika, hauhitaji uchunguzi zaidi: rudisha Tanzania nzima, kisha ulipeleke duara la Dodoma kwenye kampeni ya ukumbi.